"Beba king'amuzi, huko utafunga": yanayosemwa kuhusu tivii ya nyumbani ughaibuni, na ukweli wake

Mdogo wangu wa kike alipoondoka Mwanza kwenda kufanya kazi ya uuguzi Frankfurt, nilimpakia king'amuzi begini, katikati ya dagaa na unga wa muhogo. Mimi ni fundi wa madishi, nimepanda mapaa ya Kirumba na Nyamanoro miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyenibishia. Nilikosea. Haya yafuatayo nayasikia dukani karibu kila wiki, na mengine niliyaamini mwenyewe mpaka begi lile liliponifundisha.

Dhana: Ukishalipia kifurushi, king'amuzi kitashika popote penye anga wazi

Setilaiti za tivii zimekaa juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, kila moja mahali pake. Setilaiti ya Azam TV iko juu ya longitudo ya nyuzi 7 mashariki. Mwanza tuko karibu nyuzi 33 mashariki, kwa hiyo kwetu setilaiti hiyo iko magharibi, nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho. Ndiyo maana ukisimama Kirumba utaona madishi mengi yameelekea ziwani, upande wa magharibi.

Frankfurt iko karibu nyuzi 9 mashariki. Setilaiti ileile pale iko kusini, nyuzi kama 33 juu. Yaani inaonekana vizuri kabisa, na hapo ndipo nilipojidanganya. Mdogo wangu alimpata fundi wa Kituruki mwenye mita, naye hakuhangaika hata dakika kumi, kwa sababu Waturuki wa Ujerumani wengine huelekeza madishi yao hapohapo kutafuta vituo vya kwao. Alipotafuta chaneli, orodha ikajaa. Majina yote ya Kituruki. Ya kwetu, hata moja.

Sababu ni hii: mahali pamoja angani panaweza kuwa na miale kadhaa, na kila mwale umeelekezwa kwake. Mmoja unaangaza Ulaya na Uturuki, mwingine unaangaza Afrika kusini ya Sahara, na chaneli zetu ziko kwenye huu wa pili. Fikiria wavuvi wa dagaa usiku, taa imefunikwa kofia ili mwanga ushuke majini. Ukiwa ufukweni Igombe taa unaiona, lakini hutaokota sindano miguuni pako kwa mwanga wake. Frankfurt inaiona taa, ila mwanga haukumwagwa huko.

Kwa aliye Minnesota mambo ni mabaya zaidi, maana taa yenyewe haionekani. Minneapolis iko nyuzi 93 magharibi. Ukihesabu mpaka nyuzi 7 mashariki unapata 100, na ukizidi kama 81 setilaiti inakuwa imezama nyuma ya mgongo wa dunia. Kuna mzee wa Nyegezi alikuja kununua seti nzima ampelekee mwanawe kule. Nilimrudishia hela yake.

Dhana: Nguvu inasoma asilimia 70, imebaki kurekebisha kidogo tu

Kabla ya kumwita Mturuki, mdogo wangu alijaribu mwenyewe. Akanitumia picha ya skrini: nguvu 70, ubora 0. Nikamwambia sogeza kushoto. Sogeza kulia. Zungusha elenbi, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi. Jioni nzima binti wa watu yuko kibarazani kwenye baridi, mimi nimekaa dukani nakunywa chai.

Mstari wa nguvu hauna maana hiyo. Elenbi ikipata umeme kupitia waya, yenyewe hutoa kelele za kielektroniki, na king'amuzi huzipima kelele hizo kama nguvu. Elekeza dishi ukutani, bado utasoma kitu. Kinachosema kwamba umeshika setilaiti, na masafa uliyoyaweka yapo, ni ubora. Nguvu ikibaki palepale huku ubora umeganda kwenye 0 kila unaposogeza dishi, umeelekea pasipo na kitu, au uko nje ya mwale. Nguvu nayo ikiwa 0, angalia waya na viunganishi kwanza. Ukiwa ndani ya mwale, ubora huruka ghafla, 0 mpaka 40 na zaidi, kwa kusogeza dishi upana wa kidole.

Dhana: Dishi kubwa litashika tu

Dishi kubwa ni msaada kwa aliye pembezoni mwa mwale, pale picha inapokatika mvua ikinyesha. Dishi la mita 1.8 lina eneo mara nne ya lile la sentimita 90, basi, linakusanya mara nne. Nje kabisa ya mwale unachokosa si mara nne, ni mara mamia au maelfu.

Mfano wa kwetu: mfanyabiashara mmoja wa Makoroboi alitaka DD Free Dish, chaneli za bure za serikali ya India, kwa ajili ya mama yake mzee. Zinarushwa kutoka nyuzi 93.5 mashariki. Kutoka Mwanza setilaiti hiyo iko juu ya vilima vya mashariki, nyuzi kama 21, si jambo la ajabu kwa dishi. Lakini mwale wake umelala juu ya India. Kuna aliyekuwa ameshamwahidi dishi la futi sita na bei yake. Nilimwambia hela hiyo aweke kwenye intaneti.

Dhana: King'amuzi cha nchi nyingine hakifanyi kazi hapa

Hii ni kinyume cha dhana ya kwanza, nayo si kweli moja kwa moja. Kampala na Mwanza hulala chini ya mwale mmoja kwa huduma nyingi za dishi, kwa hiyo mwanafunzi Mganda anayekuja na king'amuzi chake anaweza kupata picha safi, mradi kifurushi kilipiwe kwao. Ila mikataba mingi humfunga mteja kwenye nchi aliyosajiliwa, na hilo ni lake na kampuni. King'amuzi cha antena ndicho hakivuki, kwa kuwa kinategemea mnara wa jirani na mpangilio wa nchi husika.

Dhana: Dishi likishindwa, weka VPN na kila kitu kinafunguka

VPN ni programu inayoufanya mtandao uone kama uko nchi nyingine. Tulipolitupa wazo la dishi tukaingia kwenye apu, na hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua wamekwamia wapi.

Kwanza, si kila kitu kimefungwa. Vituo vingi vya Tanzania huweka taarifa ya habari YouTube, na hiyo hufunguka Frankfurt kama inavyofunguka Pamba Road. Kinachofungwa mara nyingi ni mpira na filamu, kwa kuwa haki ya kuonyesha hununuliwa kwa nchi au kwa eneo. Kwa hiyo jaribu kwanza bila ujanja wowote. Apu ikicheza habari na kukataa mechi tu, tatizo ni haki za matangazo, usihangaike na intaneti yako.

Pili, apu inaweza isionekane kabisa kwenye duka la apu la tivii. Duka hilo hufuata nchi iliyowekwa kwenye tivii au akaunti, na apu nyingi za kwetu zimetengenezwa kwa ajili ya simu kwanza. Tivii za Samsung na LG zina mifumo yao, apu ya Android haiingii humo. Mdogo wangu alinunua kisanduku cha Android TV, akakichomeka HDMI, shida hiyo ikaisha.

Kabla ya kisanduku alikuwa anawasha VPN kwenye simu, anafungua apu, anabonyeza Cast. Simu inacheza, tivii inakataa. Alidhani tivii mbovu. Kumbe ukibonyeza Cast, simu mara nyingi haipeleki picha, inaipa tivii anwani tu, kisha tivii inakwenda kuichukua yenyewe mtandaoni, kwa njia yake ya Ujerumani, bila VPN. Kuakisi skrini ni kitu kingine: hapo picha inatoka kwenye simu. Lakini apu zenye ulinzi wa video huweza kutoa sauti huku skrini ni nyeusi tii. Ukiona weusi na sauti inasikika, waya si mbovu, ni ulinzi.

Na VPN yenyewe mara nyingi huvunja masharti ya huduma uliyolipia, tena za bure huwa nzito mpaka picha inakwama. Mimi simshauri mtu alipie kifurushi cha mwaka kwa kuitegemea. Lipia muda mfupi, utazame mechi moja, ndipo uamue.

Tatu, malipo. Apu kadhaa hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Tanzania. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na ikifungwa akaunti imekufa nayo. Tumeandikisha akaunti kwa namba ya mama, yeye husoma meseji na kumtajia tarakimu kwa simu. Mama huzitaja polepole kama anasoma misa.

Kuhusu bando: picha nzuri ya tivii hula kama megabiti 5 kwa sekunde, yaani gigabaiti 2 na robo kwa saa. Kwenye waifai ya nyumba za Ulaya si kitu. Kwa anayetumia laini ya simu, dakika tisini za mpira ni zaidi ya gigabaiti 3.

Dhana: Kuna kisanduku, unalipa mara moja, chaneli za dunia nzima

Kipo, na ni wizi. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kuuza visanduku vilivyopangwa kufungua vyanzo haramu ni kuvunja haki, na kwamba hata anayetazama kwa njia hiyo hana kinga. Hata ukiacha sheria, vyanzo hivyo hukatwa, na hukatwa siku ya mechi kubwa maana ndiyo siku vinasakwa.

Dhana: Mubashara ni mubashara

Setilaiti huchelewa kiasi kidogo, safari ya kwenda juu na kurudi ni kama robo sekunde, ukiongeza kazi ya kupakia na kufungua picha zinakuwa sekunde chache. Apu hukata video vipandevipande na kuvilundika kwanza, ndiyo maana huweza kuchelewa nusu dakika hadi dakika nzima.

Siku ya Simba na Yanga mama yuko Kirumba kwenye dishi, binti yuko Frankfurt kwenye apu. Goli likiingia, simu ya Frankfurt inaita kabla mpira haujafika kwenye boksi. Tumemwambia mama ahesabu mpaka sitini ndipo apige. Anafika kumi na mbili.