Kuvunjika kifundo cha mkono baada ya kuanguka: hogo au opresheni, na kwa nini ngumi inagoma kufunga

Masika haya ukishuka Tukuyu utaona ule udongo mwekundu umelowa, unateleza kama umepakwa sabuni. Mama mdogo alikuwa anatoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani, mguu ukachomoka, mkungu ukaenda kwake na yeye akatanguliza mkono chini kiganja kikiwa wazi. Hilo ndo anguko lenyewe linalovunja kifundo, pale unapovalia saa. Hukusudii, mkono unatangulia wenyewe kuokoa uso, afu uzito wote wa mwili unapandia kwenye mfupa mmoja unaoitwa redias, ule wa upande wa kidole gumba. Ukikatika karibu na kiungo, sentimita mbili tatu hivi, kile kipande cha mbele kinasukumwa kuelekea mgongo wa kiganja na mkono ukiutazama kwa pembeni unakuwa na mgongo kama uma ulioulaza mezani. Madokta wanaliita vunjiko la Kolesi, kwa jina la daktari wa Ayalandi aliyelieleza mwaka 1814, wakati huo eksirei hazipo kabisa, yaani alilijua kwa kuliangalia na kulishika tu.

Jirani alishaleta mafuta ya kuchua. Sawa, nia njema, ila mfupa uliokatika ukiuchua unausogeza zaidi, na kama kuna mshipa wa fahamu umebanwa hapo ndo unauumiza kabisa. Tukampeleka hospitali akiwa ameufungia mkono kwenye kanga shingoni.

Eksirei ikaonyesha redias imekatika, kipande kimeinama nyuma, lakini ule uso wa kiungo wenyewe, pale mfupa unapokutana na vifupa vya kiganja, uko mzima. Hiyo sentensi ya mwisho ndo iliyoamua mambo mengi. Akachomwa ganzi palepale kwenye mvunjiko, mmoja akavuta vidole, mwingine akashikilia mkono juu ya kiwiko, dokta akausukuma mfupa urudi mahali pake, wakafunga plasta ya upande mmoja na bandeji. Hawakufunga hogo zima siku ile kwa sababu mkono ulikuwa bado unavimba, na hogo zima halina pa kupanukia, litabana mpaka vidole vife ganzi. Hilo ulijue: maumivu yakizidi kila saa badala ya kupungua, vidole vikawa baridi au vya bluu, au mtu akikunyooshea vidole unapiga kelele, usingoje asubuhi, rudi usiku huohuo wakulegezee.

Akaambiwa arudi baada ya wiki, na nyingine tena. Wengi hapa wanachoka, maana kutoka kijijini mpaka mjini ni nauli na siku nzima ya kazi imeenda. Ila wiki mbili za kwanza ndo mfupa huu unapenda kuteleza tena ndani ya plasta, na wewe nje hujui kitu. Ukiteleza ukaonekana mapema unarekebishika, ukiuacha mpaka mwezi umeshaanza kuunga palepale ulipopinda na kuurudisha ni kazi nyingine kubwa zaidi.

Sasa opresheni inakuja lini? Kama mfupa umetoboa ngozi, hapo hamna mjadala. Kama umepasukia kwenye uso wa kiungo ukaacha ngazi ya zaidi ya milimita mbili hivi, kwa sababu kiungo chenye ngazi kinasagika na miaka ya mbele kinakuwa na maumivu ya kudumu. Kama umerudishwa ukagoma kukaa, au umefupika sana. Kwa kijana wa bodaboda aliyeumia hivyo watamwekea bati na skrubu kwa upande wa kiganja, au waya zinazotolewa baada ya wiki nne mpaka sita. Bati linamwezesha aanze kukunja kifundo mapema, pengine wiki ya pili, badala ya kungoja hogo litoke. Lakini usidhani opresheni ndo inaleta nguvu zaidi moja kwa moja: kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea, ukiwafuata baada ya mwaka, waliofungwa hogo na waliowekewa bati wanafanya kazi karibu sawa, hata kama mkono wa hogo umebaki umepinda kidogo kwa macho. Mama mdogo ana 61, kiungo kizima, mfupa ulikaa, akaendelea na hogo.

Wiki ya sita likatolewa. Akafurahi dakika moja tu, maana alipojaribu kukunja ngumi vidole viliishia njiani, kati ya ncha za vidole na kiganja ungeweza kupitisha vidole viwili. Mfupa umeunga, sasa nini tena? Kisa ni kwamba wiki zote sita alikuwa ameuning'iniza mkono kwenye kanga bila kuchezesha chochote, akiogopa ataharibu. Hogo lilikuwa limeishia kabla ya vifundo vya vidole makusudi, ili vidole vikunjike mpaka mwisho, vinyooke, vitanuke, gumba liguse kila kidole, mara kumi hivi kila saa uko macho. Na bega ulinyanyue juu ya kichwa, la sivyo nalo linaganda.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi. Jaribu sasa hivi: inamisha kifundo mbele kabisa afu kaza ngumi. Haikazi. Rudisha kifundo nyuma kidogo kaza tena, unaona? Misuli ya kushika iko huku kwenye mkono karibu na kiwiko, inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo, kwa hiyo kifundo kisichoweza kurudi nyuma kinafanya kano zilegee na mshiko unakuwa wa mtoto. Ndo maana mtu wa fizio hakuanza na kukaza mpira, alianza na kukirudisha kile kifundo nyuma: maji ya uvuguvugu, viganja viwili kama unasali, unashusha taratibu mpaka kivute lakini kisiume kwa ukali.

Wiki ya nane alikuwa anakamua kitambaa chenye maji. Wiki ya kumi anafinya tonge la ugali bila kubadili mkono. Ndoo ya lita tano alibeba mwezi wa tatu, ng'ombe kumkamua alirudi mwezi wa nne na alikuwa anachoka kabla ya nusu ya maziwa. Kukaza kwa nguvu kunaendelea kuongezeka mpaka mwaka na zaidi, kwa hiyo usijipime mwezi wa tatu ukakata tamaa.

Vitu viwili vya kurudi navyo hospitali hata kama hogo limeshatoka. Kwanza kiganja kuwaka moto, kuvimba na ngozi kung'aa na kubadilika rangi, maumivu hayalingani na mvunjiko wenyewe. Pili, laza kiganja mezani ujaribu kuinua gumba peke yake. Likigoma ghafla wakati jana liliinuka, kano yake imekatika kwa kusuguana na mfupa, na hii inatokea hata kwenye mvunjiko mdogo ambao haukusogea. Mama mdogo kila akimaliza chai analijaribu gumba lake pale kwenye meza, mpaka leo.