Kuanika, kuanua na kutoanika

"Mwalimu, mwanangu yuko Darasa la Sita hapa Tukuyu. Kwenye jaribio waliulizwa kinyume cha 'kuanika'. Yeye akachagua 'kutoanika', akakoseshwa. Mimi naona yuko sahihi kabisa. Kosa lake ni nini?"

Mzazi mwenzangu, umeuliza ukiwa mahali panapofaa, maana mvua ya Tukuyu haimwombi mtu ruhusa. Mahindi yametandazwa kwenye turubai tangu asubuhi, jua linawaka vizuri, mara wingu linashuka kutoka Mlima Rungwe na kila mtoto aliyeko nyumbani anaitwa kwa sauti: "Anueni mahindi!" Hakuna mama anayepaza sauti "Msianike!" wakati huo. Mahindi yameshaanikwa, na kinachotakiwa sasa ni kuyaondoa.

Kutoanika ni tendo kukosekana. Aliyelala kutwa nzima hakuanika, na aliyekwenda Mbeya mjini kununua viatu naye hakuanika. Kuanua ni tendo kamili linalojitegemea, lina jasho lake, na kazi yake ni kukirudisha kitu pale kilipokuwa kabla ya kuanikwa. Huwezi kuanua kitu ambacho hakikuanikwa. Mwanao amechagua neno linalokanusha, ilhali swali lilitaka neno linalopinga.

Kiswahili hufanya kazi hizi mbili katika ncha mbili tofauti za kitenzi. Ukanushi hukaa mbele: sianiki, haaniki, usianike, kutoanika. Kinyume, pale kinapotokana na kitenzi chenyewe, hukaa nyuma: funga hutoa fungua, kunja hutoa kunjua, ziba hutoa zibua. Kiambishi cha mbele huingia karibu katika kila kitenzi bila kubagua, na ndiyo sababu hakifai kuwa jibu la swali la kinyume. Kama kingefaa, mtoto angejibu "kutotandika", "kutoezeka" na "kutotegua" bila kujua hata neno moja kati ya hayo lina maana gani, na mwalimu angekuwa amepima uwezo wa kubandika silabi tu.

Kwenye vivumishi tofauti hii inaonekana wazi zaidi. Chukua neno "hai". Katika somo la sayansi watoto hujifunza kuhusu viumbe hai na vitu visivyo hai, na wengi huamini kwamba "isiyo hai" ndiyo kinyume. Lakini jiwe lililoko Mto Kiwira si hai, na hakuna atakayesema jiwe hilo ni mfu. Ili kitu kiwe mfu lazima kiwe kimewahi kuishi. Kinyume cha "hai" ni "mfu", na "isiyo hai" ni kapu kubwa linalobeba wafu, mawe, maji na bati la nyumba kwa pamoja.

Hali ni hiyohiyo kwenye maneno yenye ngazi za katikati. Asubuhi moja ya Julai mtu wa Njombe akikwambia "leo si baridi", usikimbilie kuvua koti. Hajasema kuna joto. Amesema tu kwamba ile baridi uliyoizoea haijafika. Kati ya baridi na joto pana nafasi, na ukanushi humwacha mtu popote ndani ya nafasi hiyo, huku kinyume kikimpeleka hadi upande wa pili. Ndivyo ilivyo pia kwa tajiri na maskini: wasio matajiri ni wengi sana, na wengi wao si maskini.

Kwa haki ya mwanao, niseme kwamba yapo maneno ambayo ukanushi wake na kinyume chake hukutana. Namba nzima isiyo shufwa ni witiri, haina pa kwenda kwingine. Yapo pia maneno ambayo hayana mwenzake wa kupingana naye, kwa hiyo lugha huazima ukanushi uzibe pengo. Tunasema sekta rasmi na sekta isiyo rasmi, na hakuna neno moja ambalo sote tumelikubali lishike nafasi ya "isiyo rasmi". Kwa hiyo kanuni si kwamba jibu lenye ukanushi ni kosa siku zote. Kanuni ni kwamba neno linalojitegemea likiwepo, ndilo linaloshinda. Kwa kuanika lipo.

Sasa turudi nyuma ya kitenzi, maana huko ndiko mitego mingi inakotegwa. Umbo hili linaitwa kauli ya kutendua. Kwa kawaida huishia na -ua, lakini mzizi wenye irabu o huvutia -oa, ndiyo maana chomeka hutoa chomoa. Kitenzi kikiishia na -ika au -eka, kipande hicho huondoka kwanza kabla ya -ua au -oa kuingia. Anika huwa anua, tandika huwa tandua, funika huwa funua, ezeka huwa ezua. Mtoto aliyekariri kwamba "unaongeza -ua" ataandika "anikua" na "tandikua", na hapo utajua alikariri umbo la funga na fungua peke yake.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kila -ua inatendua. Nunua haihusiani na nuna, vinginevyo kila anayekwenda Soko la Sido angerudi ameacha kununa. Kinyume cha kununua ni kuuza. Kuna na jozi zinazodanganya zaidi, kwa sababu maneno yake yana undugu wa kweli lakini yanaelekea upande mmoja. Chimba na chimbua ni mfano: chimbua ni kuchimba hadi kukitoa kilichomo, kwa hiyo ni kuchimba kulikozidi. Anayetafuta kinyume cha kuchimba shimo atakipata kwenye kufukia. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe nao wanajua kwamba kukama na kukamua ni kazi ileile ya alfajiri na ndoo ileile.

Na hata pale -ua inapotendua kweli, inaweza isifae kitu kinachotajwa. Tangazo lililobandikwa ukutani hubanduliwa. Sufuria iliyobandikwa jikoni huipuliwa. Ukiuliza "kinyume cha kubandika ni nini?" bila kusema kinachobandikwa, mtoto aliyekulia karibu na mafiga atajibu kuipua, na mimi nitampa alama zote.

Hapo ndipo tunafika kwenye majibu yanayoniudhi kuliko yote: yale ambayo si kinyume, ni tofauti tu. Nadhani karatasi ya mwanao ilikuwa na machaguo yanayofanana na haya: kutoanika, kulowesha, kuanua, kukausha. Kukausha kunaondoka mapema, kwa sababu ndilo lengo la kuanika, wala halipingi. Kulowesha ndiko kunakowashika wengi. Anayeanika anataka mahindi yakauke, na anayelowesha anayaharibia ukavu huo, kwa hiyo inaonekana kama wanapingana.

Njia ninayowafundisha wanafunzi ni kugeuza swali. Ukidhani kulowesha ni kinyume cha kuanika, jiulize: kinyume cha kulowesha ni nini? Jibu linalokuja mdomoni bila kusukumwa ni kukausha. Hukurudi kwenye kuanika, umeishia nyumba ya jirani. Sasa jaribu kuanua: kinyume chake ni nini? Kuanika. Umekwenda na umerudi kwa njia ileile. Maneno yanayopingana kweli huitana pande zote mbili, na yaliyo tofauti tu hukuacha njiani. Sababu ni kwamba kuanika na kuanua yote yanazungumzia mahali kitu kilipo, nje juani au ndani. Kulowesha kunazungumzia maji yaliyomo ndani ya kitu. Unaweza kulowesha nguo ambayo haijawahi kuona kamba, na unaweza kuanua mahindi yakiwa bado yana unyevu, jambo ambalo Tukuyu hutokea mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Jaribio hilo halimsaidii mwanafunzi endapo swali lenyewe ni bovu, na mabovu yapo. Swali moja ninalokutana nalo mara kwa mara huandikwa hivi: "Kinyume cha neno mbichi ni: A. kavu, B. mbivu, C. tamu, D. bovu." Mtunzi alikuwa na jibu B kichwani. Mtoto wa Tukuyu akifikiria mkungu wa ndizi, atachagua B. Mtoto wa Mafinga akifikiria mahindi yanayochomwa kando ya barabara, atachagua A, kwa kuwa mahindi mabichi kinyume chake ni mahindi makavu, na hakuna mtu kule anayesema mahindi yameiva akiwa na maana ya matamu ya kula. Kuni mbichi nazo kinyume chake ni kavu. Nyama mbichi haiendi kwa mbivu wala kwa kavu. Kinyume chake ni nyama iliyoiva au iliyopikwa. Neno moja lina vinyume vitatu, na swali halikusema linataka kipi. Watoto wote wawili wako sahihi, mmoja atakoseshwa.

Dawa yake ni sentensi. Ningeliandika upya hivi: "Asha alinunua ndizi mbichi, lakini dada yake alitaka ndizi ____. Jaza kinyume cha neno mbichi. A. mbivu, B. tamu, C. kubwa, D. zisizo mbichi." Sasa ndizi zimetajwa, na mahindi na kuni havina nafasi tena. "Tamu" imebaki kwa makusudi, kwa sababu ndizi mbivu huwa tamu na mtoto asiye makini atavutwa nayo, lakini akigeuza swali atapata "chungu" au "chachu" na kuona kwamba hakurudi kwenye mbichi. "Kubwa" inakaa vizuri kwenye pengo, ila ina ugomvi na "ndogo", haina ugomvi na mbichi. "Zisizo mbichi" ndiyo ndugu wa "kutoanika": inajumuisha hata ndizi zilizochemshwa, zilizokaangwa na zilizooza. "Bovu" nimeitoa, kwa kuwa kinyume chake ni "zima", na mtu anaweza kubishana kwa hoja nzuri kwamba ndizi mbovu imevuka mbivu na ndiyo iliyo mbali zaidi na mbichi.

Ukipata nafasi, muulize mwanao swali hilo la ndizi kwa mdomo, bila kumpa machaguo. Akijibu "mbivu", muulize kuhusu kuni.