Gauni la harusi likiharibiwa na dobi: namna ya kuandika barua ya kudai thamani ya gauni jingine

Barua nyingi za kumdai dobi zinaeleza uchungu kwa kurasa mbili na hasara kwa mstari mmoja. Mwenye draiklina akiisoma ya namna hiyo ataomba radhi, atarudisha hela ya kufulia, na anaona yamekwisha. Nachukua mfano wa gauni ambalo shanga zake zimeyeyuka, kwa kuwa hapo chanzo kinaonekana kwa macho.

Mashine nyingi za draiklina hutumia perkloroethilini, kemikali inayoondoa mafuta vizuri lakini inayolainisha shanga za plastiki ya polistirini na kuyeyusha baadhi ya gundi. Gauni likitoka, shanga hizo zimefifia, zimepoteza umbo au zimegandana, na gundi imesambaa kwenye lesi na kuacha alama ya duara. Shanga za kioo hazidhuriki hivyo. Kwa hiyo tazama kifuani: kama za kioo zilizoshonwa ziko salama na za plastiki za kwenye sketi zimeyeyuka, una ushahidi kwamba kilichoharibu ni kemikali, si namna ulivyolivaa au ulivyolitunza.

Kisha soma lebo ya ndani. Duara lililokatwa kwa alama ya X maana yake gauni lisipelekwe draiklina kabisa. Duara lenye P linaruhusu perkloroethilini. Lenye F linaruhusu vimiminika vya jamii ya petroli tu. Lebo ikiwa na X au F na dobi akatumia perkloroethilini, dai lako lina nguvu sana. Ikiwa na P, dobi atasema alifuata maelekezo, na huenda wa kudaiwa ni aliyekuuzia gauni. Gauni lililoshonwa na fundi hapa mjini mara nyingi halina lebo. Hapo hoja yako ni kwamba dobi mwangalifu angejaribu kemikali kwenye shanga moja iliyofichika kabla ya kutia gauni zima.

Piga picha kwenye mwanga wa mchana, mbele, nyuma na kwa karibu, ukiwa na picha za siku ya harusi za kulinganisha. Akikuomba gauni ili "alirekebishe", usimpe kabla ya picha hizo. Akilifua tena, ushahidi unaondoka na maji.

Sasa hesabu. Kipimo si bei uliyonunulia, ni gharama ya kupata gauni la aina hiyo leo. Omba ankara kifani kwenye maduka mawili, tuseme, kwa Mwanza, moja la Makoroboi na jingine la mjini kati, kisha fundi cherehani aandike kwa nini halitengenezeki. Shanga hubadilishwa, lesi iliyogandiwa gundi ni kazi nyingine. Bila maandishi ya fundi, utajibiwa kwamba matengenezo ni nafuu kuliko gauni jipya.

Kiini cha barua kiwe hivi:

"Tarehe 6 Januari nilikukabidhi gauni jeupe la lesi, shanga zote zikiwa nzima, kwa stakabadhi niliyoambatisha. Lebo yake ina duara lenye F. Tarehe 10 Januari nililipokea likiwa na shanga zilizoyeyuka na gundi iliyosambaa kwenye sketi. Fundi amethibitisha kwamba halitengenezeki. Gauni kama hilo pamoja na veli ni shilingi 2,100,000. Veli ninayo na ni nzima, thamani yake shilingi 200,000. Ninadai shilingi 1,900,000 ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Gauni lililoharibika utalichukua ukishalipa."

Sikuweka ada ya kufulia, na nimefanya hivyo makusudi. Unadai thamani ya gauni safi, na ili upate gauni safi ungelipa ada hiyo hata hivyo. Ukidai vyote viwili umedai mara mbili. Ujue pia kwamba gauni limeshavaliwa, hivyo anaweza kuomba punguzo. Amua mapema, moyoni mwako, kiasi utakachokubali.

Fidia ya uchungu iache nje. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinafidia hasara inayotokana kwa kawaida na kuvunjwa kwa mkataba, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba huenda ingetokea. Hasara ya mbali hakifidii. Kama unakodisha magauni, mapato ya kukodi yaliyopotea yaingie tu ikiwa dobi aliambiwa wakati wa kulipokea kwamba gauni limeshawekewa nafasi na mtu.

Kuhusu yale maneno "hatuwajibiki kwa uharibifu" yaliyo nyuma ya stakabadhi, usiyakubali kama jibu la mwisho. Aliyekabidhiwa mali ya mtu anapaswa kuitunza kama mtu mwenye busara anavyotunza yake, na kuacha kusoma lebo si utunzaji.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki kwake, nyingine aisaini na kuandika tarehe. Akikataa kusaini, nenda na shahidi mtu mzima asiye ndugu yako.