Mchoro wa malipo na mchoro wa faida: kusoma opsheni siku ya kuisha kwake

Anayeanza kusoma kuhusu opsheni hukutana na michoro miwili inayofanana sana, naye huidhania kuwa mmoja. Wa kwanza ni mchoro wa malipo: unaonyesha ulichoshika mkononi kina thamani gani siku opsheni inapoisha muda. Wa pili ni mchoro wa faida, ambao ni huohuo wa kwanza baada ya kutoa gharama yote uliyoingia. Katika yote miwili, mhimili wa ulalo ni bei ya hisa siku hiyo ya mwisho, tuiite S. Umbo halibadiliki, mstari mzima unashushwa tu kwa kiasi cha gharama. Hata hivyo, kushuka huko ndiko kunakoamua kama umepata au umepoteza.

Tukumbushane kidogo. Koli ni opsheni inayompa mnunuzi haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, yaani bei ya mapatano. Puti inampa haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa. Anayenunua haki hiyo hulipa ada mwanzoni, na ada hairudi. Tuchukue hisa inayouzwa dola 100 leo, na opsheni zinazoisha baada ya miezi mitatu. Hesabu zote hapa ni za hisa moja. Katika soko la Marekani mkataba mmoja wa opsheni za hisa kwa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo kila dola ninayoitaja izidishe mara 100.

Tuanze na puti ya kinga. Una hisa uliyoinunua kwa dola 100, na unaogopa bei isiporomoke. Unanunua puti yenye bei ya mapatano ya dola 95 kwa ada ya dola 2. Bei ikishuka hadi 70, unaitumia haki yako na kuuza kwa 95. Ikishuka hadi 20, bado ni 95. Ikipanda hadi 130, puti inakufa bila kazi nawe unabaki na hisa ya 130. Mchoro wa malipo, basi, ni mstari mlalo kwenye 95 kutoka kushoto, unaopinda penye S = 95 na kupanda kwa nyuzi 45. Kwa fomula: max(S, 95).

Gharama yako yote ni 100 + 2, yaani 102. Toa hiyo, unapata mchoro wa faida: max(S, 95) − 102. Sakafu sasa iko kwenye hasara ya dola 7, na mstari unakata sifuri penye 102, si penye 100. Pindo limebaki palepale kwenye 95. Hapa pana njia nzuri ya kukagua mchoro wowote: mapindo hukaa kwenye bei za mapatano, na ada haiwezi kuyasogeza kushoto wala kulia. Ukiona mtu amechora pindo kwenye 93 au 97 kwa sababu ya ada ya dola 2, amechanganya pindo na mahali ambapo mstari unakata sifuri.

Koli iliyofunikwa ni kinyume chake kwa umbo. Una hisa ileile ya dola 100, lakini safari hii unamuuzia mtu mwingine koli ya bei ya mapatano 110, naye anakulipa dola 1.5. Imefunikwa kwa sababu akija kuidai hisa unayo tayari. Chini ya 110, mchoro wa malipo ni hisa yako tu. Juu ya 110, kila dola hisa inayopanda ni yake, kwa hiyo mstari unalala: min(S, 110). Gharama yako halisi ni 100 − 1.5, yaani 98.5. Faida ya juu kabisa ni 11.5, hata hisa ikifika 200.

Mkakati huu hupigiwa debe kama njia salama ya kujipatia kipato kutokana na hisa ulizo nazo. Mchoro hausemi hivyo. Tazama upande wa kushoto: mstari unashuka kwa nyuzi 45 bila sakafu, na hisa ikifika sifuri umepoteza 98.5. Ada ya 1.5 imekupunguzia maumivu kwa dola moja na nusu tu. Umbo hili, la kupanda kisha kulala, ndilo la mtu aliyeuza puti ya 110 bila kumiliki hisa yoyote, jambo ambalo watu wengi wangeliita hatari. Vivyo hivyo, hisa pamoja na puti ya kinga ina umbo la koli iliyonunuliwa kwa bei ya mapatano 95. Michoro ya faida hufichua undugu ambao majina huuficha.

Stradoli haina hisa kabisa. Unanunua koli na puti kwa pamoja, zote za bei ya mapatano 100 na zinazoisha siku moja: koli kwa dola 5, puti kwa dola 4. Mchoro wa malipo ni herufi V inayogusa sifuri penye 100. Ukiutazama huo peke yake utadhani huwezi kupoteza, maana hakuna mahali mstari unapoingia chini ya sifuri. Sasa toa 9. Ncha ya V inazama hadi −9, na faida inaanza tu chini ya 91 au juu ya 109. Hisa ikiishia 105, koli inakulipa dola 5 na bado umepoteza dola 4. Ulibashiri sawa kwamba bei itasogea, ila haikusogea vya kutosha. Ndiyo maana kwa stradoli mchoro wa malipo pekee unapotosha kuliko kwa mikakati mingine.

Aliyekuuzia jozi hiyo ana V iliyopinduliwa: anapata 9 hisa ikitulia, na hasara yake juu haina kikomo. Nick Leeson wa benki ya Barings, akiwa Singapuri, aliuza stradoli nyingi za fahirisi ya Nikkei 225, akitegemea soko la Japani litulie. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliukumba mji wa Kobe, na tarehe 23 Nikkei ikaanguka kwa zaidi ya pointi 1,000 kwa siku moja. Aliongeza pia ununuzi mkubwa wa mikataba ya fyucha, yaani ya kununua siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa mapema, na hasara yote ikafika pauni milioni 827, zaidi ya uwezo wa benki.

Kisa hicho kinaonyesha pia mpaka wa michoro hii. Inaeleza siku ya mwisho tu. Kabla ya siku hiyo mistari haina pembe kali bali ni mikunjo laini, kwa sababu opsheni ambayo haijaisha bado ina thamani ya muda uliobaki. Muuzaji anaweza kudaiwa dhamana ya ziada wiki kadhaa kabla, hata kama bei itarudi mahali pake baadaye. Aliyeuza koli iliyofunikwa kwenye hisa za Marekani naye aangalie gawio: mwenye koli anaruhusiwa kuitumia mapema, na mara nyingi hufanya hivyo siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio, ili alichukue yeye.