Nyumba ya bibi mjini Arua na matundu ya mfupa wa sfenoidi

Mwanafunzi mmoja alikaa mbele yangu katika mtihani wa mdomo, akayataja matundu ya fosa ya kati ya fuvu, yaani bonde la katikati la sakafu yake ya ndani, pamoja na vyote vinavyopitia humo, kwa mpangilio, bila kusita. Nikamwuliza amejifunzaje, akanieleza kwamba ameyapanga katika vituo vya teksi kutoka kwao hadi katikati ya Kampala, kila kituo tundu lake. Nikaligeuza fuvu chini juu na kumpa kijiti anionyeshe forameni rotundamu. Akakiweka juu ya tundu kubwa la mviringo lililo kando ya taya na kusema, «Hili hapa, Mwalimu.» Lilikuwa forameni ovale. Rotundamu haionekani kabisa ukilitazama fuvu kutoka chini.

Kosa lake halikuwa la kumbukumbu. Njia ya teksi ilimpa orodha, na orodha haina juu wala chini, haina ndani wala nje. Hii ndiyo sababu mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba kasri la kumbukumbu la anatomia, yaani mahali unapopajua ambapo unapanga kichwani mambo ya kukumbuka, lisijengwe popote tu. Sehemu zake lazima zikae kama mfupa wenyewe ulivyokaa. Na wala halihitaji kuwa kasri. Langu ni nyumba ya bibi yangu huko Arua, nyumba ya matofali na bati, ambayo naweza kuitembea nikiwa nimefumba macho.

Naingilia mlango wa uani, kwa kuwa nyumba ina uso kama fuvu lilivyo na uso: kibaraza kinatazama barabarani, na mimi natoka nyuma kuelekea mbele. Kwa njia hiyo mkono wangu wa kulia ndio upande wa kulia wa fuvu, na sina haja ya kugeuza chochote kichwani. Ninajenga upande mmoja tu. Wa kushoto ni kivuli chake kwenye kioo. Sakafu ya chumba cha nyuma ndiyo sakafu ya fosa ya kati, na lobu ya temporali ya ubongo, yaani ile sehemu yake iliyo nyuma ya panja, hulala hapo.

Katika pembe ya kulia kabisa, nyuma, pana tundu dogo sakafuni, upana wa milimita 2 hadi 3, lililozungukwa na miiba ya michongoma. Hiyo ni forameni spinosumu, na jina lake lenyewe linasema mwiba. Kutoka humo unachomoza mpira mwekundu wa maji, ambao ni ateri ya kati ya meninji, zile tando zinazofunika ubongo. Naomba mwanafunzi auone mpira huo ukipanda, usitelemke, kwa sababu neva za hapa hutoka nje ya fuvu lakini ateri hii huingia. Kisha mpira unapanda ukuta wa kulia, mahali ambapo tofali ni jembamba kuliko kwingine kote. Hapo ndipo panja. Mtu akipigwa upande huo, au akianguka na bodaboda bila kofia, ukuta ukapasuka, mpira unaweza kukatika na damu ikajaa kati ya mfupa na utando wa dura. Picha hiyo nimeiacha ndani ya nyumba makusudi, maana inamfanya mtu asisahau tundu hilo liko upande gani.

Hatua moja mbele, nikielekea kidogo kushoto, napata shimo la sakafuni lenye umbo la yai, refu kama milimita 7. Ni forameni ovale. Shangazi anashuka ndani yake huku akimenya muwa kwa meno, taya la chini likifanya kazi kwa nguvu. Yeye ni tawi la mandibula la neva ya trijemino, na muwa haukuchaguliwa ovyo: kati ya matawi matatu ya neva hiyo, hili pekee ndilo linaloiendesha misuli ya kutafuna. Mgongoni amembeba mtoto anayedondosha mate. Mtoto huyo ni neva ndogo ya petrosali, ambayo safari yake huishia kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Kando ya shangazi unapanda mpira mwingine mwembamba, ateri ya ziada ya meninji, na ndoo ya maji ya buluu inasimama kwa niaba ya vena inayounganisha ndani na nje.

Shangazi ana mtoto mwingine, mtundu, anayeteremka pamoja naye katika shimo la yai, kisha anageuka na kupanda tena ndani kupitia tundu la miiba, akiushika ule mpira mwekundu. Ni tawi la meninji la neva ya mandibula. Vitabu huliweka katika orodha ya spinosumu na wanafunzi hulikariri bila kujua limefikaje pale, nami sioni njia rahisi zaidi ya kulieleza kuliko mtoto huyu.

Nikisimama kwenye shimo la yai na kutazama kushoto, nyuma kidogo, naona tundu lenye kingo zilizochanika. Katika fuvu kavu ni kubwa, na huwavuta wengi waseme kwamba ateri ya karotidi ya ndani inashuka au kupanda humo moja kwa moja. Ndani ya nyumba yangu tundu hilo, forameni laserumu, limezibwa kwa mkeka mgumu wa mpira, kama linavyozibwa kwa gegedu katika mtu aliye hai, na bomba nene jekundu linapita juu ya mkeka bila kuutoboa.

Sasa ile rotundamu. Nikisonga mbele na kushoto tena, sakafu haina tundu. Tundu liko ukutani mbele yangu, dirisha dogo la duara, na mjomba anapenya humo akicheka kwa meno ya juu peke yake: tawi la maksilari. Dirisha halifunguki barabarani bali katika ghala, na ghala hilo ni fosa ya pterigopalatini. Juu ya dirisha hilo na kuelekea kibarazani kuna ufa mrefu wa juu wa obiti, yaani wa tundu la jicho, wenye neva za tatu, nne na sita, matawi ya oftalmiki na vena ya jicho. Huko sikai sana, ila naangalia kwamba neva ya kuona haimo, maana ina mfereji wake.

Kwa hiyo, kabla sijamruhusu mtu aseme amejua, humwambia atambae chini ya nyumba, alale chali na kutazama sakafu kutoka chini, miguu ikielekea kibarazani. Upande wa kulia wa nyumba bado uko kulia kwake. Lakini akilishika fuvu mezani, chini juu, uso ukiwa mbali naye, upande wa kulia wa fuvu utakuwa kushoto kwake, na hapo ndipo wengi hupotea. Katika hali zote mbili anaona miguu ya shangazi, mpira mwekundu ukiingia na mkeka ulioziba tundu. Dirisha la mjomba halionekani, kwa kuwa liko ukutani.

Nyumba hii ina mpaka wake pia. Katika mafuvu kadhaa ukuta kati ya tundu la yai na la miiba haukukamilika, na katika mengine tundu la miiba halipo kabisa kwa sababu ateri ya meninji imetokea upande wa jicho. Yule mwanafunzi wa teksi, alipojenga upya kwa kutumia nyumba ya wazazi wake, alirudi wiki ya pili, nikampa fuvu la namna hiyo. Alilitazama kwa muda, akaweka kijiti kwenye shimo la yai, akasema, «Mwalimu, shangazi yupo, lakini mpira sioni ulikopandia.»