Koili ya mstatili kwenye uga wa sumaku: inageuka kuelekea wapi, na kwa nini inasimama hapo

Chukua koili ya mstatili yenye mizunguko 50 ya waya, urefu wake sentimita 4 na upana sentimita 3. Ipitishie mkondo wa ampea 0.5, kisha iweke kwenye uga wa sumaku ulio sawa kila mahali, wenye ukubwa wa tesla 0.2. Iegemeze kwenye ekseli inayopita katikati, sambamba na pande ndefu, na ekseli yenyewe ikatize uga kwa pembe mraba. Vipimo hivi vitatutosha hadi mwisho.

Tuanze na uso wa koili ukiwa umelala sambamba na uga. Mkondo kwenye pande ndefu unakatiza uga kwa pembe mraba, kwa hiyo kila upande unapata kani ya mizunguko × mkondo × urefu × uga, yaani 50 × 0.5 × 0.04 × 0.2 = nyutoni 0.2. Mkondo unakwenda kwa upande mmoja na kurudi kwa upande wa pili, hivyo kani moja inasukuma juu na nyingine inasukuma chini. Ukizijumlisha unapata sifuri, na ndiyo maana koili haihami mahali pake. Lakini kani hizo zimeachana kwa sentimita 3, na kwa pamoja zinaizungusha koili kwa torki ya 0.2 × 0.03 = 0.006 N·m. Zile pande fupi mbili hazichangii chochote: katika mkao huu mkondo wake unakwenda sambamba na uga na hazipati kani kabisa, koili ikigeuka zinapata kani, ila zinavutana kwa kufuata ekseli na kufutana.

Sasa tazama kinachotokea koili inapogeuka. Kani kwenye pande ndefu haipungui hata kidogo, inabaki nyutoni 0.2, na mwelekeo wake ni uleule. Kinachopungua ni umbali kati ya mistari ya kani hizo mbili, kwa sababu pande zenyewe zinazidi kujipanga kwenye mstari mmoja na kani. Wengi hudhani uga "unachoka" kadiri koili inavyozunguka. Hauchoki, ni mkono wa wenzo unaofupika.

Ili kuandika hesabu hii kwa mkao wowote, tunahitaji kitu kimoja kinachoonyesha koili inatazama wapi. Kunja vidole vya mkono wa kulia vifuate mkondo unavyozunguka kwenye koili. Kidole gumba kinatoka kwenye uso wake kwa pembe mraba. Huo ndio mshale wa koili. Mpe mshale huo ukubwa wa mizunguko × mkondo × eneo, na hicho ndicho kinachoitwa momenti ya sumaku:

m = N I A = 50 × 0.5 × 0.0012 = 0.03 A·m²

Torki basi ni τ = m B sin θ, ambapo θ ni pembe kati ya mshale na uga. Hapa ndipo makosa mengi ya mitihani na ya maabara yanapozaliwa. Swali likisema uso wa koili umeinama nyuzi 30 kutoka kwenye uga, θ si 30 bali ni 60, na torki ni 0.0052 N·m. Aliyeweka 30 moja kwa moja atapata 0.003. Kuna njia rahisi ya kujikagua: jiulize jibu lako linasemaje uso ukiwa sambamba na uga. Hapo torki lazima iwe kubwa kuliko zote. Kama fomula yako inatoa sifuri, umetumia pembe isiyo yake.

Kwenye fomula hiyo torki ni sifuri mahali pawili: θ ikiwa 0, na θ ikiwa nyuzi 180. Mahali pawili hapo si sawa hata kidogo, na torki peke yake haikuonyeshi tofauti. Nishati inaonyesha:

U = −m B cos θ

Kwa koili yetu m B ni milijouli 6. Mshale ukielekea upande wa uga, nishati ni milijouli −6. Ukikatiza uga kwa pembe mraba, ni sifuri. Ukielekea kinyume kabisa, ni +6. Mkao wa kwanza ni bonde: isukume koili kidogo nayo inarudi, ikiyumba hadi msuguano uitulize. Mkao wa kinyume ni kilele: ukiigusa tu inapinduka. Kuitoa bondeni hadi kileleni lazima ufanye kazi ya milijouli 12.

Unaweza kuiona tofauti hiyo kwenye kani zenyewe. Mshale ukifuata uga, kani za pande zote nne zinavuta nje, kama mtu anayetanua fremu. Mshale ukiwa kinyume, zote zinasukuma ndani. Kitu kinachovutwa ncha zote mbili hunyooka. Kinachosukumwa ncha zote mbili huteleza pembeni mara tu kinapoinama.

Fomula ya nishati ina sharti lake: mkondo ubaki uleule. Koili yetu ikigeuka kutoka nyuzi 90 hadi 0, inafanya kazi ya milijouli 6. Nayo ikigeuka, inazalisha umeme unaopinga mkondo, na chanzo cha umeme lazima kisukume dhidi yake. Mistari ya sumaku inayopita kwenye mizunguko yote inaongezeka kwa weba 0.012, zidisha kwa ampea 0.5 unapata milijouli 6 zilezile. Kwa hiyo malipo ya kazi hiyo yanatoka kwenye betri. Sumaku haipungukiwi nguvu kwa kuzungusha koili.

Ukitaka kupima torki hii, funga kijiti kwenye ekseli, weka uso wa koili sambamba na uga, na uning'inize uzito sentimita 10 kutoka kwenye ekseli. Koili itasawazika kwa takriban gramu 6.1. Linalovuruga zaidi ni nyaya za kuleta mkondo: zikiwa ngumu, zinafanya kazi ya springi na kubeba sehemu ya torki. Tumia nyaya laini nyembamba zilizolegea, kisha geuza mwelekeo wa mkondo na upime tena kwa kuning'iniza uzito upande wa pili. Masomo mawili yakitofautiana, kuna torki isiyotoka kwenye sumaku. Wastani wake unaiondoa, mradi mkao wa koili ni uleule. Na ukiona koili nzima inavutwa upande badala ya kuzunguka tu, uga wako si sawa kila mahali, na kani za pande mbili hazifutani tena.

Mota ya koili moja inatumia kilele na bonde kwa ustadi. Koili inaposhuka na kufika bondeni, komuteta inageuza mkondo, mshale unapinduka, na pale palipokuwa bonde panakuwa kilele. Mwendo iliokuwa nao unaivusha, nayo inaanza kushuka tena. Ila ikizimwa na kusimama hapohapo kwenye mpito, torki ni sifuri na haitawaka yenyewe: utaunganisha umeme, isizunguke, lakini ukiisukuma kwa kidole inaondoka. Dalili hiyo haimaanishi mota imeungua. Ndiyo maana rota za mota halisi huwa na koili kadhaa zilizopishana kwa pembe, ili wakati moja iko kwenye torki sifuri, nyingine iwe karibu na torki yake kubwa.