Tumbo linalouma kila asubuhi ya shule

Watoto wengi wa umri wa shule ninaowaona kwa maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka hawana ugonjwa wa hatari. Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni choo kigumu, hata pale mzazi anaposema mtoto anapata choo kila siku.

Chukua msichana wa miaka 8 niliyemwona kliniki. Kwa miezi miwili alilalamika maumivu karibu na kitovu, hasa asubuhi na baada ya kula. Alishapewa dawa ya minyoo, akapimwa damu kwa kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, akanywa antibiotiki za taifodi mara mbili. Widal hutafuta kingamwili, na hizo huweza kubaki mwilini tangu maambukizi ya zamani, kwa hiyo kwa mtoto asiye na homa majibu hayo hayathibitishi kitu. Nilimuuliza mtoto mwenyewe kama huwa anaenda chooni shuleni. Akatikisa kichwa: mlango haufungi. Alikuwa akijibana mpaka afike nyumbani, na choo chake kilitoka vipande vigumu kama vya mbuzi. Nilipompapasa tumbo chini upande wa kushoto nikagusa mabonge. Uzito ulikuwa unapanda vizuri na usiku alilala bila kuamshwa na maumivu. Sikuona haja ya ultrasaundi.

Mtoto akijibana, utumbo mpana huendelea kufyonza maji, kinyesi kinakauka na kutoka kwa maumivu, naye anazidi kuogopa. Wengine huchafua chupi kwa kinyesi laini kinachopenya pembeni ya kile kilichoganda, na nyumbani hudhaniwa wanaharisha. Nilimwandikia sirapu ya laktulozi inayolainisha choo, na baada ya mlo akae chooni dakika 5 hadi 10, miguu juu ya kigoda. Dawa hii mara nyingi huhitajika kwa miezi, kwa sababu utumbo uliotanuka hurudi polepole. Wazazi wengi huiacha tumbo likitulia tu, na tatizo linarudi.

Hali hubadilika maumivu yakihama. Kidole tumbo kikivimba, maumivu mara nyingi huanza kitovuni, kisha ndani ya siku moja hushuka chini kulia. Mtoto anakataa chakula, anatapika, anatembea ameinama. Mwambie aruke mara moja: akishindwa kwa maumivu, mpeleke hospitali leo hii, na usimpe dawa ya kulainisha choo wala enema.

Vivyo hivyo akitapika kijani, akitoa damu kwenye choo, tumbo likiwa gumu, au akiwa anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, maana kisukari huweza kujitokeza kwa maumivu ya tumbo. Anayepungua uzito au kuamshwa usiku na maumivu anahitaji uchunguzi wa kina, hata kama mchana anacheza.

Kwa mvulana, muulize kuhusu korodani, kwani wengi huona haya na kusema tumbo tu. Korodani iliyojisokota huokolewa zaidi ikifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6, kwa hiyo msisubiri kukuche.